Basi Limesimama, Mbona Mwili Unarudi Nyuma?

Abiria anayesafiri wima kwenye basi la mwendokasi anazijua tabia mbili za breki. Ya kwanza haimsumbui mtu: dereva akikanyaga breki, mwili unakwenda mbele, mkono unakaza bomba, na aliyekuwa anasoma simu anamkanyaga jirani yake. Ya pili ni ya ajabu kidogo. Basi likishafika kituoni, pale pale linaposimama, mwili unatupwa nyuma kwa mshtuko mfupi. Wakati huo gurudumu halizunguki tena, na spidi ni sifuri. Sasa mshtuko unatoka wapi?

Ukitafuta jibu kwenye spidi hutalipata, kwa sababu spidi katika nukta ile haifanyi kituko chochote: inashuka taratibu mpaka sifuri na kubaki hapo. Kituko kipo hatua moja mbele ya spidi. Hatua hiyo mtu anaweza kuipiga kwa karatasi na kalamu, mradi awe na fomula moja inayosema basi liko wapi kila sekunde.

Tuchukue kipande cha barabara iliyonyooka, kama njia ya mabasi hayo katikati ya Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam. Barabara ikinyooka kazi inakuwa rahisi, kwani mahali pa basi panaelezwa kwa namba moja tu. Tunakubaliana mambo mawili kabla ya kuanza. Sifuri iko kwenye kituo tunachoondoka, na upande chanya ni ule wa kituo tunachokwenda. Makubaliano haya yanaonekana madogo, lakini alama zote za kutoa na kujumlisha zitakazotokea baadaye zinategemea hapo. Ukigeuza upande chanya katikati ya hesabu, kila kitu kinavurugika.

Tuseme vituo viwili vimeachana mita 600, na basi linatumia sekunde 60 kutoka kimoja hadi kingine. Herufi s iwe umbali wa basi kutoka kituo cha kwanza, kwa mita, na t iwe muda tangu lilipoondoka, kwa sekunde. Fomula yetu ni hii:

s = 0.5t² − t³/180

Sikuipima barabarani. Nimeichagua kwa sababu inafanana na jinsi basi linavyoondoka na kusimama, na namba zake zinakubali kuhesabiwa bila kikokotoo. Ijaribu. Muda ukiwa sifuri, s ni sifuri: basi liko kituoni. Sekunde ya 30 tunapata 450 kutoa 150, yaani mita 300, nusu ya safari. Sekunde ya 60 tunapata 1,800 kutoa 1,200, yaani mita 600. Tumefika.

Mita 600 kwa sekunde 60 ni wastani wa mita 10 kwa sekunde, sawa na kilomita 36 kwa saa. Kwa wastani huo basi letu ni la kistaarabu kabisa. Ila wastani ni namba ya safari nzima, na haikuambii lolote kuhusu dakika au sekunde fulani. Abiria hatupwi na wastani, na askari wa barabarani mwenye tochi hapimi wastani wa safari yako kutoka nyumbani. Wote wawili wanashughulika na kinachotokea sasa hivi.

Basi, katika sekunde ya 10 hasa, spidi ni kiasi gani? Hapa ndipo akili inapokwama kidogo. Spidi ni umbali kugawanya kwa muda, lakini ndani ya nukta moja hakuna muda uliopita wala umbali uliosafiriwa. Sifuri kugawanya kwa sifuri haina jibu. Ujanja ni kutoikabili nukta moja kwa moja, bali kuisogelea. Tunachukua kipande kifupi cha muda kinachoanzia sekunde ya 10, tunapata wastani wake, kisha tunakifupisha tena na tena huku tukitazama namba zinaelekea wapi.

Katika sekunde ya 10 basi liko mita 44.44. Sekunde ya 11 liko mita 53.11. Wastani wa sekunde hiyo moja ni mita 8.66 kwa sekunde. Tukifupisha kipande kiwe sehemu ya kumi ya sekunde, wastani unakuwa 8.37. Tukifupisha kiwe sehemu ya mia, unakuwa 8.34. Ukiendelea utaona namba zinabanana kuelekea 8.33 na hazivuki hapo. Hiyo ndiyo spidi ya basi katika sekunde ya 10: mita 8.33 kwa sekunde, sawasawa na kilomita 30 kwa saa.

Kufanya hivi kwa kila sekunde ya safari kungemchosha mtu. Aljebra inaturuhusu kulifanya mara moja kwa sekunde zote. Chukua sehemu ya kwanza ya fomula, 0.5t². Kipande cha muda tukiite h. Muda ukitoka t kwenda t + h, thamani inatoka 0.5t² kwenda 0.5(t + h)². Ukifungua mabano na kutoa ile ya mwanzo, kinachobaki ni th + 0.5h². Gawanya kwa h: unapata t + 0.5h. Sasa acha h inywee kuelekea sifuri. Ile 0.5h inapotea, na inabaki t peke yake. Angalia kwamba tuligawanya kwa h kwanza, ikiwa bado si sifuri, ndipo tukaiacha inywee. Mpangilio huo ndio uliotuokoa na sifuri kugawanya kwa sifuri.

Sehemu ya pili, t³/180, ukiifanyia hivyo hivyo inatoa 3t²/180, yaani t²/60. Mtu akishafanya mbili tatu za namna hii anaona mtindo: kipeo kinashuka mbele na kuzidisha, kisha chenyewe kinapungua kwa moja. t² inazaa 2t, t³ inazaa 3t², t⁴ inazaa 4t³. Kazi hii shuleni huitwa difrensiesheni. Isaac Newton wa Uingereza na Gottfried Leibniz wa Ujerumani waliifikia kila mmoja kwa njia yake katika karne ya 17. Leibniz ndiye aliyetangulia kuichapisha, mwaka 1684, na wafuasi wa pande mbili wakagombana kwa miaka mingi kuhusu nani mwenye mali. Kwa matumizi ya kila siku Leibniz alishinda: ule mwandiko wa ds/dt ni wake. Nukta anayoiweka mhandisi juu ya herufi badala ya kuandika sehemu nzima ni ya Newton.

Tukiunganisha sehemu zetu mbili tunapata:

v = t − t²/60

Herufi v ni velositi. Tofauti yake na spidi ni kwamba velositi inabeba alama: chanya basi likielekea kituo cha mbele, hasi likirudi nyuma. Spidi ni ukubwa wake tu, kama unavyosomeka kwenye dashibodi, ambayo haijali unakwenda wapi.

Weka 10 mahali pa t: 10 kutoa 100/60 ni 8.33. Jibu lile lile tulilolisogelea kwa vipande. Sekunde ya 50 inatoa 8.33 pia, maana basi sasa linapunguza mwendo na limerudi kwenye spidi ile ile kwa upande wa pili. Mwanzoni v ni sifuri, mwishoni ni sifuri. Katikati, sekunde ya 30, ni mita 15 kwa sekunde.

Mita 15 kwa sekunde ni kilomita 54 kwa saa. Na hapa basi letu la kistaarabu limejikamatisha. Kibao cha 50 kinachowekwa kwenye maeneo ya makazi kila dereva wa Tanzania anakijua, hasa kwa sababu ya askari na tochi zao. Dereva angeweza kujitetea kwamba ametumia dakika nzima kwa mita 600, na hesabu ya wastani ingemtetea kwa kilomita 36. Fomula ya velositi haimtetei. Kwa mwendo wa umbo hili, spidi ya juu daima ni mara moja na nusu ya wastani. Ili isizidi 50, safari ya mita 600 inabidi ichukue karibu sekunde 65. Kosa lote la dereva wetu ni sekunde tano.

Nimesema spidi ya juu iko sekunde ya 30, lakini nimejuaje kwamba haiko sekunde ya 29 au 31? Hilo linajibiwa na hatua ya pili. Tulichokifanya kwa s, tunakifanya kwa v: tunauliza velositi yenyewe inabadilika kwa kiasi gani kila sekunde. Kiwango hicho ndicho mchapuko, na tunauandika a. Kutoka t tunapata 1. Kutoka t²/60 tunapata 2t/60, yaani t/30. Kwa hiyo:

a = 1 − t/30

Basi linapoondoka, mchapuko ni mita 1 kwa sekunde kwa kila sekunde. Maana yake ni kwamba velositi inaongezeka kwa kasi ya mita 1 kwa sekunde kila sekunde inayopita. Kadiri muda unavyokwenda ongezeko linapungua, na sekunde ya 30 linafika sifuri. Kabla ya hapo mchapuko ni chanya na velositi inapanda. Baada ya hapo ni hasi na velositi inashuka. Kilele, basi, kiko hapo hapo, si nukta kabla wala baada.

Sasa turudi kwa abiria wetu. Mchapuko ndiyo kitu ambacho mwili unakisikia. Ukiwa kwenye basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa bila kubadilika, kwenye lami nzuri, unaweza kusimama bila kushika kitu. Spidi kubwa haikusukumi. Kinachokusukuma ni badiliko la velositi, na nguvu inayohitajika ni uzito wako kwa kilo mara mchapuko. Mtu wa kilo 70 akiwa kwenye basi lenye mchapuko wa mita 1 kwa sekunde kwa kila sekunde anahitaji kusukumwa kwa nguvu ya nyutoni 70, karibu sehemu ya kumi ya nguvu ambayo dunia inamvuta nayo chini. Nguvu hiyo inatoka kwenye bomba aliloshika na kwenye sakafu chini ya viatu vyake.

Weka 60 kwenye fomula ya mchapuko. Unapata 1 kutoa 2, yaani −1. Soma vizuri: katika nukta basi linapogusa kituo, velositi ni sifuri lakini mchapuko si sifuri. Uko kwenye ukubwa wake wote, kwa upande wa nyuma. Abiria ameegemea breki kwa mwili mzima, misuli imekaza kupinga kutupwa mbele, mkono unavuta bomba. Nukta inayofuata basi limetulia na mchapuko wake ni sifuri. Umeruka kutoka −1 hadi 0 bila kupitia katikati. Nguvu aliyokuwa anaipinga imeondoka ghafla, lakini misuli yake haijapata habari. Bado inavuta. Ndiyo maana mwili unarudi nyuma basi likiwa tayari limesimama.

Kama unataka kuliona bila fomula, chora grafu tatu moja chini ya nyingine, zote zikiwa na muda chini. Ya mahali inapanda kama kilima kinachoanza polepole, kinakuwa kikali katikati na kulainika juu. Ya velositi ni upinde unaoanzia sifuri na kurudi sifuri. Ya mchapuko ni mstari ulionyooka unaoshuka kutoka 1 hadi −1. Kila grafu inasoma mteremko wa ile iliyo juu yake. Ile ya mahali ni laini mwanzo hadi mwisho, na ukiitazama peke yake huoni tatizo lolote. Ile ya velositi ina kona mwishoni, pale upinde unapogonga sifuri na kugeuka kuwa mstari wa kulala. Ya mchapuko imekatika kabisa. Kasoro iliyokuwa imejificha kwenye grafu ya kwanza inajitokeza kwenye ya tatu.

Jambo hili, kwamba velositi inaweza kuwa sifuri na mchapuko usiwe sifuri, huwapiga chenga wanafunzi wengi wa kidato cha tano. Wanaona kitu kimesimama wanaandika sifuri kote. Kosa lingine linalofanana nalo ni kuchukua s kugawanya kwa t na kuiita velositi, kisha v kugawanya kwa t na kuiita mchapuko. Kwenye basi letu, sekunde ya 30, njia hiyo inatoa velositi ya 10 badala ya 15, na mchapuko wa 0.5 badala ya sifuri. Wengine wanaweka 30 kwenye fomula ya mahali kwanza, wanapata 300, kisha wanafanya difrensiesheni ya 300. Namba isiyobadilika haina kiwango cha badiliko, kwa hiyo wanapata sifuri na kushangaa. Fomula ifanyiwe difrensiesheni kwanza ikiwa bado ina t ndani yake, namba ziingie mwisho.

Alama ya kutoa nayo ina mtego wake. Watu husema mchapuko hasi ni kupunguza mwendo, na kwa basi letu hadi sekunde ya 60 ni kweli. Lakini hebu tuisukume fomula ipite kituo. Sekunde ya 75, s ni mita 468.75. Basi limerudi nyuma! Velositi yake ni 75 kutoa 93.75, yaani −18.75, na mchapuko ni −1.5. Mchapuko ni hasi, na spidi inaongezeka, kwa sababu velositi nayo ni hasi: vyote viwili vinaelekea upande mmoja. Kitu kinapunguza mwendo pale tu alama za v na a zinapotofautiana. Zikifanana, kinaongeza mwendo, hata kama zote ni hasi.

Bila shaka basi la kweli halikurudi nyuma. Fomula haijui kwamba kuna kituo, abiria wanashuka na milango inafunguliwa. Inaendelea na hesabu yake: sekunde ya 90 inakurudisha kwenye sifuri, kituo ulichotoka, baada ya kwenda mita 600 na kurudi mita 600. Ndiyo maana anayetumia fomula ya namna hii hana budi kutaja mipaka yake. Yetu inafanya kazi kutoka sekunde 0 hadi 60. Nje ya hapo ni aljebra tupu.

Mpaka hapa tumekuwa na bahati ya kupewa fomula. Barabarani hakuna anayekupa. Unachopata ni orodha ya vipimo: saa fulani, mahali fulani. Na hapo difrensiesheni inaonyesha ubaya wake. Tuseme umeshika simu ndani ya basi na inaandika mahali kila sekunde, ikikosea mita moja tu mbele au nyuma, jambo ambalo kwa simu ya kawaida ni ukarimu mkubwa. Ukitoa mahali pawili palipofuatana, makosa mawili yanaweza kujumlishana, na velositi inakosea hadi mita 2 kwa sekunde. Hiyo ni zaidi ya kilomita 7 kwa saa. Ukitafuta mchapuko kwa vipimo vitatu vilivyofuatana, kosa linaweza kufika 4. Mchapuko mzima wa basi letu hauzidi 1. Maana yake kosa limekuwa kubwa mara nne kuliko kitu chenyewe, na grafu ya mchapuko utakayochora itakuwa meno ya msumeno yasiyo na maana. Ukiona grafu ya namna hiyo, usianze kumlaumu dereva.

Dawa iliyo karibu ni kupima kwa vipande virefu zaidi. Ukitumia kila sekunde 10 badala ya kila moja, kosa la velositi linashuka hadi 0.2 na la mchapuko hadi 0.04. Lakini umelipa: sasa unaona wastani wa sekunde 10, na ule mshtuko wa kituoni, unaotokea ndani ya nusu sekunde, umefutika. Vipande vifupi vinakuza makosa, virefu vinaficha matukio.

Tochi za leza zinazotumika kupima spidi zinalitatua hili kwa wingi wa vipimo. Mashine inatuma mipigo mingi ya mwanga ndani ya sehemu ya sekunde, na kila mpigo unaporudi inajua gari liko umbali gani kwa muda uliotumika kwenda na kurudi. Haichukui vipimo viwili na kutoa. Inatafuta mstari ulionyooka unaopita karibu zaidi na vipimo vyote kwa pamoja, na mteremko wa mstari huo ndiyo spidi. Makosa ya kipimo kimoja kimoja yanamezana. Kwa mchapuko, hata hivyo, ni afadhali kutopitia mahali kabisa: ndani ya simu nyingi kuna kihisi kinachoupima moja kwa moja, na simu iliyolala sakafuni mwa basi itakuonyesha ule mruko wa kituoni waziwazi.

Je, mruko wenyewe unaweza kuondolewa? Kwenye karatasi, ndiyo. Tunahitaji fomula ambayo mchapuko wake unaanza na sifuri na kuisha na sifuri. Hii hapa moja, u ikiwa ni t/60:

s = 600(10u³ − 15u⁴ + 6u⁵)

Hapa pana shimo ambalo wengi hutumbukia. Kipeo kinashuka kama kawaida, lakini tunachokitafuta ni badiliko kwa kila sekunde, na u inasogea sehemu moja ya sitini tu kila sekunde. Kwa hiyo kila tunapofanya difrensiesheni tunagawanya pia kwa 60. Anayesahau atapata kwamba katikati ya safari basi linakwenda mita 1,125 kwa sekunde, zaidi ya mara tatu ya mwendo wa sauti hewani, na hapo namba yenyewe inampigia kelele. Ukikumbuka, unapata v = 300u²(1 − u)², na ukirudia tena, a = 10u(1 − u)(1 − 2u).

Fomula ya mwisho inasomeka yenyewe. Ni sifuri u ikiwa 0, ni sifuri u ikiwa 1, na ni sifuri katikati. Mchapuko mkubwa kabisa ni karibu 0.96, pungufu kidogo ya ule wa kwanza, na unafikiwa kwa kupanda polepole kuanzia sifuri. Hakuna mruko popote. Lakini tazama velositi ya katikati: 300 kugawanya kwa 16, mita 18.75 kwa sekunde, yaani kilomita 67.5 kwa saa. Basi linaloondoka kwa upole na kusimama kwa upole lazima lifidie muda huo katikati. Kama tunalitaka libaki ndani ya 50, safari ya mita 600 inakuwa sekunde 81. Ukilinganisha na zile 65 za umbo la kwanza, abiria wamelipa sekunde 16 kwa kila kituo ili wasitikiswe.

Dereva mzoefu halipi kiasi hicho. Yeye analegeza mguu kwenye breki pale mwishoni tu, basi likiwa linakaribia kusimama. Tuseme anaushusha mchapuko kutoka −1 hadi sifuri taratibu ndani ya sekunde mbili za mwisho. Herufi r iwe sekunde zilizobaki kabla ya kusimama. Umbali uliobaki hadi mstari wa kituo unakuwa r³/12. Difrensiesheni ya kwanza inatoa spidi ya r²/4, ya pili inatoa r/2. Mwanzo wa zile sekunde mbili, r ikiwa 2, spidi ni mita 1 kwa sekunde na breki inavuta kwa 1, sawasawa na alivyokuwa akisimamisha basi kabla ya hapo. Mwisho, r ikiwa 0, vyote ni sifuri. Umbali wa zile sekunde mbili ni 8/12 ya mita, kama sentimita 67. Angeshikilia breki bila kulegeza, kutoka spidi hiyo hiyo angesimama kwa sekunde moja na sentimita 50. Gharama ya kutomrusha mtu nyuma ni sekunde moja na sentimita 17 za lami.